Kengele Imelia, Unafanya Nini?

Karatasi za maswali ya usalama wa moto zinazogawiwa viwandani hufanana kama mapacha. Swali la kwanza: taja vitu vitatu vinavyohitajika ili moto uwake. La pili: moto umegawanywa katika madaraja mangapi? La tatu: mtungi wenye mkanda mweusi una nini ndani? Wafanyakazi hukaa kantini, huandika joto, hewa na kitu cha kuungua, hupata 9 kati ya 10, kisha karatasi huingia kwenye faili kumsubiri mkaguzi.

Sasa mchukue mmoja wa hao waliopata 9, msogeze pembeni, umuulize hivi: ni saa 4 usiku, uko kwenye cherehani yako, kengele ya moto imelia na mlango unaouzoea umejaa moshi. Unatokea wapi? Huenda akanyamaza kidogo, kisha akakuuliza yeye: "Kwani ule wa nyuma usiku huwa wazi?"

Swali lake hilo lina uzito kuliko karatasi nzima aliyoijaza. Limegusa kitu ambacho joto, hewa na kitu cha kuungua haviwezi kukigusa, nacho ni uamuzi ambao mtu atalazimika kuufanya akiwa peke yake, kwa haraka, katika jengo analolijua. Mtu anayetunga maswali ya moto kwa wafanyakazi wa kiwandani ana kazi ya kuzitafuta hizo nukta za uamuzi na kuziuliza kwa maneno ya kila siku. Tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua katika kiwanda cha mfano: kiwanda cha kushona nguo chenye wafanyakazi 120, 70 wa zamu ya mchana na 50 wa zamu ya usiku, wote katika ukumbi mmoja mrefu wenye meza za kukatia, mistari ya cherehani, sehemu ya kupiga pasi, stoo ya vitambaa na milango mitatu.

Anza kwa miguu

Mtungaji aiache kalamu mfukoni kwanza, azunguke kiwandani. Tena azunguke mara mbili, mchana na usiku, kwa sababu hivyo ni viwanda viwili tofauti. Mchana mlango wa nyuma uko wazi kwa ajili ya hewa, usiku unaweza kuwa na kufuli kwa kuogopa wizi. Mchana yupo fundi umeme na yupo mtu wa usalama, usiku kuna suparavaiza mmoja na mlinzi getini.

Katika mzunguko huo aangalie mambo ambayo macho ya wenyeji yamekwisha kuyazoea. Mabaki ya vitambaa yamejaa pipa mpaka yanamwagika chini ya meza ya kukatia. Vumbi la pamba limetanda juu ya taa na juu ya boksi la swichi. Ekstensheni moja inabeba pasi mbili na simu nne zinazochajiwa. Thina ya kutolea madoa imewekwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote. Mtungi wa kuzimia moto upo, ila mabunda ya nguo zilizokwisha kushonwa yamepangwa mbele yake. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa swali, na mfanyakazi akilisoma atajua palepale kwamba linamhusu yeye, kwa kuwa pipa hilo analiona kila siku.

Baada ya hapo ndipo aandike orodha, lakini asiandike orodha ya mada. "Aina za moto" ni mada. "Nizime mwenyewe au niondoke?" ni uamuzi. Ukihesabu vizuri, maamuzi ya dakika za mwanzo si mengi: nani nimjulishe kwanza, nizime au niondoke, nikate umeme vipi, nipite mlango upi, nimsikilize nani, na nikishafika nje nifanye nini. Sita hayo yanatosha kuzaa maswali 10, na maswali 10 yanamtosha mfanyakazi anayetolewa kwenye mashine kwa dakika 20.

Maamuzi yaliyogharimu watu

Kama kuna anayedhani maamuzi hayo sita ni ya vitabuni, aangalie viwanda viwili vya nguo vilivyoungua kwa kupishana miaka 101.

Tarehe 25 Machi 1911, jijini New York, moto ulianza katika pipa la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya mkataji, ghorofa ya nane ya kiwanda cha Triangle. Watu walijaribu kuuzima kwa ndoo za maji. Ghorofa ya nane iliwapigia simu walio ghorofa ya kumi, nao wengi wao wakapata nafasi ya kutoka. Ghorofa ya tisa, iliyokuwa katikati, haikuambiwa na mtu. Wafanyakazi wa huko waligundua moto ulipowafikia, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146.

Tarehe 24 Novemba 2012, nje kidogo ya Dhaka nchini Bangladesh, moto ulizuka katika sehemu ya chini ya kiwanda cha Tazreen Fashions, palipohifadhiwa vitambaa na nyuzi. Kengele ililia. Walionusurika walieleza kwamba wasimamizi waliwaambia warudi kwenye mashine waendelee na kazi. Moshi ulipopanda kwenye ngazi, muda ulikuwa umekwisha. Watu wasiopungua 112 walipoteza maisha.

Tazama kilichokosekana. Wale wa Triangle hawakufa kwa kutojua moto una madaraja mangapi, wala wale wa Tazreen hawakushindwa kuisikia kengele. Mahali pamoja habari haikufika kwa waliohitaji kuipata, mahali pengine kengele ilisema jambo moja na msimamizi akasema jingine, na mahali pote pawili njia za kutokea hazikuwa wazi kama zilivyopaswa kuwa. Hayo ndiyo mambo ya kuulizwa.

Jibu la makosa lazima lishawishi

Sehemu ngumu zaidi katika kutunga swali la kuchagua ni majibu yasiyo sahihi. Mtungaji mvivu huandika jibu moja la busara na mawili ya kipuuzi: "Napiga kelele na kubonyeza kengele", "Naendelea kula", "Nalala usingizi." Kila mtu atapata, na hakuna atakayejifunza lolote, hata aliyetunga.

Majibu ya makosa yanapaswa kutoka kwa wafanyakazi wenyewe. Njia yake ni rahisi. Kabla ya kuandika majibu yoyote, waendee watu kumi au kumi na wawili kwenye sehemu zao za kazi, wape hali tupu, bila kuwapa cha kuchagua, uwasikilize: "Umeona moto mdogo kwenye pipa hili. Unaanza na nini?" Andika maneno yao kama yalivyotoka. Wengine watasema watachukua mtungi. Wengine watasema watamwita suparavaiza kwanza, maana mtu haamui jambo bila mkubwa wake. Mmoja atasema atalivuta pipa alitoe nje. Sasa una makosa halisi ya kiwanda hiki, na swali lako linaweza kusimama hivi:

*Uko kwenye meza ya kukatia. Moto mdogo umeshika ndani ya pipa la mabaki ya vitambaa. Mtungi wa kuzimia moto uko ukutani, hatua tano kutoka ulipo, lakini hujawahi kuutumia. Unaanza na nini?*

*A. Nachukua mtungi nijaribu kuuzima kabla haujakua.*
*B. Napaza sauti "Moto!" na kubonyeza kengele iliyo karibu.*
*C. Namfuata suparavaiza nimweleze, yeye aamue.*

Jibu ni B. Lakini A inavuta, kwa sababu ni ushujaa na mtungi uko karibu. Mtu asiyewahi kuushika atapoteza muda akitafuta pini, na mtungi wa kawaida wa kubebeka humaliza dawa yake ndani ya nusu dakika, mara nyingi mapema zaidi. Asipofaulu, moto umekua na hakuna mwingine anayejua. C nayo inavuta, kwa sababu ni adabu. Ndiyo maana maelezo yanayofuata baada ya swali hayasemi tu "B ni sahihi". Yanamweleza aliyechagua A kwamba kuzima si kosa, kosa ni kuzima kabla ya wengine kujua. Yanamweleza aliyechagua C kwamba suparavaiza naye ataisikia kengele.

Majibu matatu yanatosha. Mwaka 2005 mtafiti Mmarekani Michael Rodriguez alichambua tafiti za miaka 80 kuhusu mitihani ya kuchagua, akakuta kwamba majibu matatu hufanya kazi vizuri kama manne au matano, kwa kuwa jibu la nne mara nyingi ni la kujazia nafasi. Yote matatu yawe na urefu unaokaribiana, kwani wafanyakazi hung'amua upesi kwamba jibu refu lenye maelezo ndilo la mwalimu. "Yote hapo juu" liachwe kabisa. Katika moto huwezi kufanya yote kwa pamoja, na swali linauliza uanze na lipi.

Maneno yanayoponza

Kiswahili chepesi hakimaanishi maneno mafupi tu. Kuna maneno ya kawaida kabisa ambayo kwenye habari ya moto humpeleka kila mtu njia yake.

Chukua neno "zimamoto". Andika kwenye swali "Tumia zimamoto", halafu waulize watu watano umemaanisha nini. Mmoja atasema gari la zimamoto. Mwingine atasema askari wa zimamoto. Wa tatu atakuonyesha mtungi mwekundu ukutani, ambao wenzake wanauita "mtungi wa faya". Kwa hiyo swali liseme "mtungi wa kuzimia moto" linapomaanisha mtungi, na "Jeshi la Zimamoto" linapomaanisha wale wanaopigiwa 114 Tanzania. Kama kiwandani wanasema "faya", andika "faya" mara moja kando yake ili asiwepo wa kupotea.

Chukua "zima". Pasi inatoa cheche, na swali linasema "Zima kwanza." Uzime nini, pasi au moto? Aliyeelewa moto ataufuata kwa ndoo ya maji, na maji juu ya kifaa chenye umeme yanaweza kumrusha. Sema "zima swichi ya ukutani" kwa umeme, na neno la "kuzima" libaki kwa moto.

Halafu kuna vitenzi visivyo na mtendaji. "Kengele ibonyezwe." "Umeme ukatwe." Sentensi hizi hupendeza katika miongozo, lakini zinamwacha kila mtu akimtazama mwenzake. Swali lianze na "wewe": uko wapi, umeona nini, unafanya nini. Na maswali ya kukanusha, kama "Lipi kati ya haya hupaswi kufanya?", yaachwe, kwa sababu aliyechoka hupitiwa na hiyo "hu-" akajibu kinyume, nawe ukadhani hajui.

Vilevile usiulize herufi. Mitungi ya viwandani hutoka nchi mbalimbali, na herufi zake hazikubaliani. Kwa mtindo wa Ulaya daraja C ni moto wa gesi, kwa mtindo wa Marekani C ni moto wa vifaa vyenye umeme. Mfanyakazi aliyekariri "C ni umeme" anaweza kuwa amefuata mtungi mmoja na akakosea kwa mwingine. Badala yake uliza kwa picha ya mtungi ulio pale pale kwake: *Waya wa pasi umeshika moto na swichi ya ukutani huifikii. Kati ya mitungi hii miwili iliyo karibu nawe, huu wa maji na huu wa gesi ya kaboni, upi usiuguse?* Hapa ukanushaji unafaa, kwa sababu hatari iko kwenye mtungi mmoja, nalo neno "usiuguse" liandikwe kwa wino mzito.

Siku kufuli liliposema

Rasimu ikishakamilika, haigawiwi kwa watu 120. Inajaribiwa kwanza kwa sita: watatu wa mchana, watatu wa usiku, na kati yao awepo kibarua mgeni na mtu asiyesoma kwa urahisi. Unamsomea kila mmoja swali peke yake, kisha humwulizi jibu. Unamwambia: "Nieleze kwa maneno yako, swali hili linauliza nini?" Ndipo unamwuliza amechagua lipi na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo uliyoijia.

Katika kiwanda chetu cha mfano, swali la sita lilikuwa hili: *Uko mstari wa tatu wa cherehani. Kengele imelia na moshi unatoka upande wa stoo. Unapita mlango upi?* Majibu yalikuwa mlango mkuu ulio jirani na stoo, mlango wa dharura wa nyuma, na mlango wa kupakilia mizigo. Mtungaji aliweka alama kwenye mlango wa dharura, kama ramani iliyobandikwa ukutani inavyoelekeza.

Watatu wa mchana walichagua mlango wa dharura. Watatu wa usiku wote walichagua mlango wa kupakilia mizigo. Mtungaji asiye na subira angeandika "zamu ya usiku hawaijui njia ya dharura, wafundishwe". Lakini alipouliza kwa nini, mama mmoja wa zamu ya usiku alimjibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni: "Ule wa nyuma saa 12 jioni mlinzi anautia kufuli. Funguo ziko getini."

Basi mama huyo ndiye aliyepata, na karatasi ndiyo iliyokosa. Kumfundisha achague mlango wa dharura kungekuwa kumfundisha akimbilie kwenye kufuli. Na kulibadilisha jibu liwe mlango wa mizigo nako kungekuwa kuikubali hali ambayo haipaswi kukubalika, maana gari likiegeshwa pale kupakia, mlango huo nao umezibwa.

Swali likifika hapo haliandikwi upya. Linapelekwa kwa meneja pamoja na kufuli lake. Dawa yake inajulikana: mlango wa dharura ufungwe kwa komeo la kusukuma, ambalo mtu aliye ndani hulifungua kwa kulisukuma tu bila ufunguo, na aliye nje hawezi kulifungua. Wizi unazuiwa na watu wanatoka. Mpaka komeo hilo lifungwe, kufuli linaondolewa na mlinzi anakaa karibu na mlango, na swali la sita linasubiri.

Hali kama hiyo hujitokeza kwenye swali linalotokana na Tazreen. *Kengele inalia. Wewe huoni moto wala moshi. Suparavaiza anasema: "Ni majaribio tu, endeleeni na kazi." Unafanya nini?* Jibu linalookoa maisha ni kutoka. Lakini kabla ya kuliandika, mtungaji ana ulazima wa kumwuliza meneja: akitoka, atakatwa mshahara? Kama jibu la meneja ni "inategemea", usiliweke swali hilo. Utakuwa unamfundisha mtu jambo ambalo kesho litamponza kazini, naye analijua hilo kuliko wewe. Meneja atie saini tangazo la sentensi moja, kwamba anayetoka kengele ikilia haadhibiwi hata kama haukuwa moto, libandikwe kantini, masuparavaiza wasomewe mbele ya watu wao. Hapo jibu la karatasi linakuwa jibu la kiwanda.

Vifungo kwenye kopo

Siku ya maswali, karatasi si lazima. Wengine husoma polepole, wengine miwani imebaki nyumbani, na wote huogopa neno "mtihani". Katika kiwanda cha nguo kuna kitu kisichokosekana: vifungo. Kila mtu apewe vifungo kumi vyeupe, kumi vyeusi na kumi vyekundu. Cheupe ni A, cheusi ni B, chekundu ni C. Swali linasomwa kwa sauti mara mbili, pamoja na picha kubwa iliyochorwa ya mahali penyewe, kisha kopo lenye mfuniko wenye tundu linapitishwa, kila mtu anadumbukiza kifungo kimoja. Kila swali na kopo lake. Hakuna jina, hakuna kutazamia, hakuna aibu. Jina liandikwe kwenye daftari la mahudhurio peke yake, kwa ajili ya mkaguzi.

Utapoteza jambo moja: hutajua nani kakosa. Lakini hukuhitaji kujua nani. Ulihitaji kujua wangapi, wa zamu ipi, na wamevutwa na kosa lipi.

Tuseme makopo ya swali la pipa yamehesabiwa. Zamu ya mchana, kati ya 70, vifungo 58 ni B, 8 ni A na 4 ni C. Zamu ya usiku, kati ya 50, vifungo 20 tu ni B, 5 ni A na 25 ni C. Ukijumlisha pamoja utasema watu 78 kati ya 120 wamepata, si vibaya, na ukaenda zako. Ukizitenganisha zamu utaona nusu ya zamu ya usiku wangemfuata suparavaiza kwanza, kosa ambalo mchana karibu halipo. Watu ni wa aina ileile na mafunzo ni yaleyale. Basi kuna kitu usiku.

Unarudi tena kwa miguu, saa 4 usiku, unauliza. Huenda ukakuta kitufe cha kengele kilicho karibu na meza ya kukatia hufunikwa na mabunda ya zamu iliyopita, hivyo hakuna anayekifikia. Huenda ukasikia kwamba kuna aliyebonyeza kengele zamani kwa moshi wa pasi, akagombezwa mbele ya watu, na habari hiyo bado inasimuliwa. Dawa ya kwanza ni kusogeza mabunda na kupaka rangi sakafuni pasipowekwa kitu. Dawa ya pili ni lile tangazo lenye saini. Mafunzo ya ziada yasingegusa lolote kati ya hayo mawili.

Makopo yana lugha yake, na mtu huizoea upesi. Kopo lenye rangi moja tupu linasema swali lilikuwa jepesi mno au majibu yake ya makosa hayakumshawishi mtu. Kopo lililogawanyika sawasawa katika rangi tatu linasema watu wamebahatisha, basi litazame kwanza swali lenyewe, huenda halikueleweka. Na kopo ambalo mafundi wa miaka mingi wamekosa huku wageni wakipata linakutaka uwaulize mafundi kabla ya kuwasahihisha. Mara nyingi wageni wamejibu kama walivyofundishwa wiki iliyopita, na mafundi wamejibu kama kiwanda kilivyo.

Maelezo yatolewe palepale, kopo baada ya kopo, watu wakiwa bado wanakumbuka walichodumbukiza. Swali linalochangamsha mjadala kuliko yote huwa la mwisho: *Umefika nje salama, majina yanaitwa, unagundua mwenzako aliyekwenda chooni hayupo. Unafanya nini?* Moja ya majibu ni kurudi ndani kumtafuta, jingine ni kusubiri huku ukimpigia simu, na jingine ni kumweleza mara moja anayeita majina, ili askari wa zimamoto waambiwe mwenzako alionekana wapi mara ya mwisho. Watu hubishana, kwani kumwacha mwenzako ndani huonekana kama usaliti. Waache wabishane kidogo. Kisha waeleze kwamba anayerudi kwenye moshi bila kifaa cha kupumulia hupungukiwa nguvu na fahamu ndani ya muda mfupi, na waokoaji watakapofika watakuwa na wawili wa kutafuta badala ya mmoja.

Maswali yanapoishia

Maswali haya hayapimi kila kitu, na anayeyatunga anapaswa kujua yanapoishia. Hayawezi kukuambia kama mtu ataweza kuvuta pini, kuelekeza mdomo wa mpira chini kwenye kiini cha moto, kuminya na kufagia kulia na kushoto. Hilo hupimwa uwanjani kwa mtungi na sinia la moto wa mafunzo, mbele ya mtu anayejua. Hayawezi kukuambia ukumbi utachukua dakika ngapi kuwa mtupu. Hilo hupimwa kwa zoezi la kutoka, kwa saa mkononi, na lifanyike usiku pia. Kazi ya maswali ni kukuonyesha, kabla ya zoezi, mahali ambapo kichwa cha mfanyakazi, ramani ya ukutani na jengo lenyewe havikubaliani.

Kwa hiyo baada ya mwezi mmoja makopo yarudi, lakini maswali yasiwe yaleyale. Ukirudia pipa la mabaki, watu watakumbuka "ni kifungo cheusi". Weka uamuzi uleule katika hali nyingine: moshi unatoka kwenye bunda la pamba stoo, au thina imemwagika karibu na pasi. Badilisha pia rangi ya jibu sahihi. Wakipata tena, ni kwamba wameelewa na hawajakariri.

Na maswali haya huchacha. Siku meza ya kukatia ikihamishwa, siku rafu mpya ikiwekwa mbele ya mlango wa mizigo, siku mlinzi mpya akiajiriwa bila kuelezwa habari ya komeo, jibu lililokuwa sahihi jana linageuka kuwa kosa bila mtu kugusa karatasi. Mtungaji aandike juu ya kila swali tarehe aliyozunguka mara ya mwisho kulihakiki. Akiona tarehe imezeeka, aiache kalamu, avae viatu, aende akausukume ule mlango wa nyuma saa 4 usiku.